Alichotaka Kujua Mwalimu Hosea

Miaka ile ya biashara huria, mwenzetu Hosea aligeuza ofisi ya walimu pale Lufingo kuwa duka la mitumba. Darasa lake lilijisomea lenyewe. Aliuza nguo za kafa-Ulaya na umbeya, na umbeya ndio uliomnenepesha.

Lilian, mdogo wake Mwalimu Tupokigwe, alirudi kutoka Dar es Salaam amekonda, akafa. Hosea alikesha msibani, akala ndizi za wafiwa, shingo ameinyoosha kuelekea chumba cha marehemu. Enzi zile kijana akifa amekonda, watu walikuwa na swali moja tu. Tupokigwe alijua akilijibu, mdogo wake atabaki jina la ugonjwa.

Ruhusa ya msiba ilipokaribia kuisha, alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamwomba atuambie mapema: pole anazipokea, maswali hapana, na Darasa la Nne atalifundisha mwenyewe. Kwa rafiki yake Sekela, mwalimu mwenzetu, aliomba jambo moja: "Ukiona nimefunika kikombe, uingie darasani badala yangu." Mwalimu mkuu alitutangazia. Hosea aliitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa, mnafiki yule.

Siku aliyorudi kazini, Tupokigwe hakuwa hata ametua mkoba, Hosea akamletea gauni jeusi. "Chukua bure, dada. Sisi ni familia. Hivi alikuwa anaumwa nini hasa?"

"Ndaga, asante, Mwalimu, kwa kuja kumzika. Ugonjwa wake siuzungumzii." Gauni alilirudisha juu ya rundo.

Hosea alijaribu tena saa ya chai, akajaribu kesho yake. Alijibiwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, mpaka yeye mwenyewe akaanza kunung'unika eti dada ana kiburi. Kiburi! Mtu anachungulia jeneza la watu, halafu analalamika kafungiwa mlango.

Charles, mwalimu mgeni, yeye alikuwa akimkimbia Tupokigwe. Akimwona tu, anajidai anatafuta chaki. Siku moja Tupokigwe alimzuia mlangoni. "Nisalimie tu, Charles."

"Dada, sijui niseme nini."

"Hilo linatosha." Machozi yakamtoka Tupokigwe. Alirudi mezani, akafunika kikombe, na Sekela akaenda Darasa la Nne bila kuuliza. Hosea akavuta kiti karibu.

Tupokigwe alijifuta uso, akamgeukia Charles. "Nikueleze habari za Lilian?"

Akatueleza jinsi Lilian alivyoimba kwaya kwa sauti mbaya kuliko wote, akakataa kutoka, mpaka mchungaji akampa kazi ya kushika taa. Siku ya Krismasi akaimba nayo mkononi, taa ikazimika kwa pumzi zake, na kanisa zima likaendelea gizani. Tulicheka mpaka tukalia. Nilimpenda Lilian siku ile, na sikuwahi kusema naye.

Hosea hakucheka. Alikuwa akingoja ugonjwa. Kengele ya kipindi kingine ikalia, Tupokigwe akachukua chaki akaondoka, na ugonjwa Hosea hajaujua mpaka leo.