Leso Iliyofuliwa

Watu wakinieleza jinsi shule ya bweni inavyomfunza mtoto kujitegemea, huwa nanyamaza nisije nikawajibu vibaya. Mimi nilifunzwa kunusa. Mengine yote ningeyajua hata nikiwa kwetu.

Kwetu kulikuwa Bondeni, Nakuru mjini, vyumba viwili, cherehani ya mama mlangoni. Shule ilikuwa kando ya barabara kuu karibu na Gilgil. Wenzangu waliotoka mbali walikuwa na haki ya kulia. Mimi kwetu ningefika kabla wali haujaiva, na bado sikuruhusiwa kwenda. Kutoka uwanja wa hoki ungeona magari yakielekea Nakuru. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilisimama hapo nikiyatazama mpaka yapotee, kama mjinga.

Nasema Jumapili kwa sababu ndio wakati wenyewe. Wiki ya kwanza hulii, huna nafasi. Unakimbizwa na kengele, unajifunza kutandika kitanda, unatumwa na wakubwa kuteka maji kwa sababu wewe ni mono tu, mgeni wa kidato cha kwanza, na mono hana mdomo. Upweke unakuja baadaye, siku ambayo hakuna masomo na umeshiba githeri na hakuna anayekuita. Unaanzia tumboni. Chakula hakipiti, unaenda kwa nesi, nesi anakutazama mara moja, anakupa Panadol na kukuambia utazoea. Wote walisema hivyo, utazoea, hata mpishi.

Dawa yangu ilikuwa leso. Siku ya kuondoka niliichukua leso ya mama ya jikoni, ile aliyojifunga akipika pilau ya Ijumaa, na nikaichukua hivyo hivyo bila kuifua. Ilikuwa na binzari, iliki, moshi wa udi na mafuta kidogo ya cherehani. Niliificha ndani ya foronya. Nikilala naingiza pua, nahesabu nimefika nyumbani.

Kitanda cha juu kililaliwa na msichana kutoka mashamba ya Bahati, kwa watu wa viazi na ng'ombe. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya kuitia mifugo, na aliomba kwa nguvu kabla ya kula hadi meza nzima ikamngoja. Kiswahili changu cha nyumbani kilimchekesha. Ati nilikuwa naongea kama redio. Yeye naye alinichosha. Hatukuwa na cha kufanana ila vyuma vya kitanda kimoja, na sikutaka kingine.

Jumamosi moja tumbo lilinishika vibaya, nikabaki kwa nesi asubuhi nzima. Jumamosi ni siku ya kufua na ya ukaguzi: matroni anapita kitanda baada ya kitanda, na akikuta nguo chafu unapiga deki bweni zima. Niliporudi nilikuta kitanda changu kimetandikwa vizuri kuliko siku zote. Nikaingiza mkono kwenye foronya. Foronya yenyewe ilikuwa safi na tupu.

Leso ilikuwa inaning'inia kwenye ua wa seng'enge, inametameta. Nikaivuta na kuinusa pale pale. Ilinuka sabuni ya kipande.

"Niliona umefichaficha kitu chafu, nikasema matroni asikushike," akaniambia yule wa kitanda cha juu, mikono bado imevimba kwa maji baridi. "Ilikuwa inanuka sana. Nimeisugua mara tatu."

Nilimpiga. Sikuwa nimewahi kumpiga mtu. Alinizidi nguvu mara mbili, angeweza kunivunja, lakini alinishika tu mikono akaniuliza, "Kwani ni leso ya nani?" Nikamwambia. Akaketi chini kwenye nyasi akiwa kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

Jioni ile alivua sweta yake ya nyumbani, nyekundu, akaitia ndani ya sanduku langu la bati. "Sijaiosha tangu nije," akasema. "Si kwenu, lakini ni kwa mtu." Ilinuka moshi wa kuni, maziwa na ng'ombe. Nilimwambia inanuka kama zizi. "Basi nusa zizi," akanijibu, na tukacheka mpaka tukakemewa. Kuanzia hapo tulikula sahani moja. Nilimfundisha hesabu, naye akanifundisha kuvaa blanketi ndani ya shuka ili baridi ya Gilgil isikufikie. Jumapili alikuja uwanjani kusimama nami, ingawa magari hayakumhusu.

Nilichobaki nacho sasa kilikuwa siku ya wageni. Mama aliahidi kuja, na mimi nilikuwa nimepanga maneno yote: anitoe, nirudi shule ya kutwa, nitampikia, nitamshonea vifungo, chochote.

Siku hiyo wazazi hawaingii bwenini. Wanaacha majina getini, na wanafunzi wachache wanakimbia kuwaita wanaotembelewa. Wanaojitolea kukimbia ni wale wanaojua hawana mgeni. Ukikimbia huonekani umekaa peke yako. Rafiki yangu alijitolea. Kwao walikuwa wakivuna. Nyasi zikajaa leso, chapati, kuku, watoto wadogo, na kila alipopita akikimbia alinitikisia kichwa: bado.

Saa za wageni zilikuwa karibu kwisha alipokuja mbio akiita jina langu kwa ile sauti ya mifugo. Nikakimbia getini.

Mama alikuwa kando ya gari nisilolijua. Mwenye gari, mwanamume, alibaki ndani akisoma simu. Mama alinikumbatia, kisha akanipa karatasi yenye mafuta. Nyama choma ya vibanda vya Kikopey, barabarani.

"Ni halali, mwanangu, nimeuliza," akasema.

Pilau iko wapi? Sikuuliza. Mama yangu hangekuja kwa mtoto wake na chakula cha kununua hata kama ana homa. Nilimnusa. Alikuwa na manukato mapya.

"Mama, nataka kurudi nyumbani."

Akatazama gari. "Tumehama, mama. Tuko Naivasha sasa. Ile nyumba nilimrudishia mwenyewe mwezi uliopita. Nilitaka nikuambie mwenyewe, si kwa simu ya matroni."

Mwezi uliopita. Kwa hiyo Jumapili za mwezi mzima nilikuwa nikitazama magari yanayokwenda kusiko na mtu. Na harufu ya vyumba vile viwili, mahali pa mwisho ilipobaki duniani palikuwa kwenye foronya yangu, na ilifuliwa na mtu aliyenipenda.

Sikulia. Nilimwambia mama asante kwa nyama. Akaondoka, na gari likakata kulia, upande ambao sikuwahi kuutazama. Nilimpelekea rafiki yangu ile karatasi. Nilipomweleza aliacha kutafuna. Hakuniambia pole wala nitazoea. "Ningejua nisingeigusa," akasema, na akaanza kulia yeye.

Likizo nilipelekwa Naivasha. Nyumba ya yule mwanamume ilikuwa na vigae, na mimi nilitandikiwa kochi sebuleni kama mgeni. Mama alikuwa mwema sana. Anayekuwa mwema hivyo anajua alichokuvunjia. Asubuhi ya kwanza nilifungua sanduku, na sweta nyekundu ikatoa moshi wake wa kuni. Nikaingiza uso humo. Nilililia bweni. Nililia kwa sababu ya seng'enge na githeri na kitanda cha chuma, vitu ninavyovichukia mpaka leo.

Mama alitokea na beseni.

"Hiyo sweta ya nani inanuka hivyo?" akauliza kwa upole. "Lete nikufulie."

Nikafunga sanduku, nikatia kufuli, nikakaa juu yake.