Mgonjwa wa Mfano

Ysapy Cantero alikuwa mwoga wa makosa tangu alipoanza kusomea udaktari wa ngozi hapa hospitalini kwetu, kusini mwa Paraguay. Mimi ni karani wa kamati ya maadili, na mipango ya kutunza taarifa za wagonjwa niliyopokea ni mingi, lakini wake ulinifurahisha. Tasnifu yake ilihusu ukoma. Majina yangebadilishwa kuwa namba, na orodha ya kulinganisha namba na majina ingekaa kwa msimamizi wake, mbali na taarifa zenyewe. Kila kitu kingehifadhiwa kwenye kompyuta ya hospitali, si ya nyumbani. Miaka mitano baada ya tasnifu kupita, orodha ingeharibiwa.

Mwishoni aliweka jedwali lenye mgonjwa mmoja wa kubuni, ili kamati ione litakavyojazwa.

Alhamisi aliingia ofisini kwangu, uso umempauka. Akaninong'oneza kwamba yule mgonjwa hakumbuni. Alikuwa amechoka, na mkono ukaandika mtu aliyemtibu wiki ile: mwanamke, miaka arobaini na moja, mwalimu, kijiji cha Yvyporã, mama wa mapacha. Jina halimo, lakini Yvyporã ina shule moja tu. Na mwanamke huyo alikuwa amemwapisha kwamba hakuna atakayejua.

Niligeukia meza yangu. Nakala za mpango wake kwa wajumbe wengine wa kamati zilikuwa bado pale. Moja tu ilikuwa imetoka, ya mwakilishi wa jamii, Don Aparicio, naye alikuwa kwenye benchi la ukumbini akinywa tereré, chai yetu ya maji baridi, bahasha mapajani. Don Aparicio ni mwalimu mkuu wa Yvyporã.

Ysapy akamfuata. Nami nikafuata nyuma.

"Don Aparicio, naomba unirudishie hiyo bahasha. Kuna kosa ndani."

"Kosa gani, binti yangu?"

"Siwezi kukwambia."

Mzee akampa bahasha bila ubishi. Ysapy akashusha pumzi. Mimi sikushusha, kwa sababu nilikuwa nimeifunga bahasha ile kwa gundi, na sasa ilikuwa wazi.

Don Aparicio akamimina maji, akanywa, akafuta mdomo.

"Wewe usijitese," akasema kwa upole. "Mwalimu wangu akitaka ruhusa ya kwenda kliniki, aombe tu. Sitamuuliza sababu."

Laiti angefoka. Ysapy alisimama pale, bahasha imekunjamana kifuani, machozi yakimtiririka bila sauti. Nilimwambia anaweza kurekebisha jedwali: aondoe kijiji, umri auweke kwa makundi, kazi asiitaje, kisha aiandikie kamati kuhusu siri iliyovuja. Akaitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake yalikuwa kwingine.

"Kesho wataonana shuleni," akaniambia. "Niazime simu yako, Ña Ramona. Lazima mgonjwa wangu asikie kutoka kwangu, leo."