Mkongojo Nilioufuta Kwenye Picha ya Krismasi

Mke wangu ndiye aliyeniambia niufute ule mkongojo, nami nikaufuta. Naanza hapo ili watoto wetu wasije wakasema ni ukorofi wangu.

Krismasi tulikula Malindi, kwa binti yetu mkubwa. Siku ya pili akatupeleka ufuoni, na alasiri jua lilipoanza kulala akampiga mama yake picha. Ni picha nzuri. Mke wangu amejifunga leso ya maua mekundu, anacheka meno yote nje, bahari iko nyuma yake. Mkono wa kulia ameshika mkongojo wa chuma aliopewa hospitali alipovunjika nyonga. Aliteleza kwenye matope ya shamba letu, mto uliporudi nyuma baada ya mafuriko. Alikuwa anapanda mpunga.

Mama mkwe wangu hakuambiwa. Yuko Kulesa, ni mzee, ana presha, na daktari alishasema asipewe habari za kushtua. Kila akiuliza, tunasema mwanao ana homa, mwanao ana wageni, barabara mbovu. Mpaka dada wa mke wangu, anayekaa na mama huko Kulesa, akatuletea maneno: mama ameacha kumtaja. Anasema aliyepata nyumba ya mabati huku Garsen hana haja na mama wa nyumba ya makuti.

Mke wangu hakula siku hiyo. Jioni akaniambia, "Mpelekee picha ya Malindi. Aone niko mzima. Lakini huo mkongojo utoe kwanza."

"Niutoe vipi? Si picha hiyo?"

"Watoto wanatoa. Nimewaona. Wanatoa mpaka mbuzi."

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Shamba nililima mwenyewe, duka nikafungua mwenyewe, na hesabu zangu hakuna wa kunidanganya. Sikuona kwa nini kitu kinachofanywa na watoto kinishinde. Nikampigia binti yetu, nikaweka sauti ya nje, simu nikailaza juu ya meza ya duka.

"Baba, fungua picha. Umeona alama ya kurekebisha hapo chini? Gusa."

"Nimegusa."

"Sasa kwenye vifaa tafuta kifutio. Kimechorwa kama raba ya shule."

Nikakiona. Hapo ndipo nilipoharibu. Raba naijua: unakandamiza na kusugua. Nikasugua ule mkongojo juu chini, juu chini, kwa kidole hiki cha jembe, kama nafuta sufuria masizi. Nilipoinua kidole simu ikafikiri kidogo, kisha mkongojo ukaondoka. Ukaondoka pamoja na mkono wa mke wangu na nusu ya leso. Mahali pa mkono simu ikaweka mchanga.

"Umemkata mama!" binti akacheka nilipomweleza. "Baba, si kusugua. Simu haijui mkongojo ni nini. Inaondoa ulipopaka, halafu inakisia kilichokuwa nyuma kwa kutazama pembeni. Pembeni kuna mchanga, inaweka mchanga."

"Sasa mkono ataurudisha nani?"

"Gusa ule mshale uliopinda kurudi nyuma."

Nikagusa, mkono ukarudi. Nakiri nilishusha pumzi. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni akinitazama, hakucheka hata kidogo.

Binti akanifundisha upya. Kwanza vidole viwili juu ya picha, uvitanue, picha ivutwe karibu. Ikiwa karibu, kidole kinagusa sehemu ndogo tu. Kisha upake juu ya kitu chenyewe, ukipitiliza kidogo kingoni, kipande kwa kipande, usikimbie. Nikaanza chini, mchangani, kwa kuwa mchanga ni rahisi, wote unafanana. Kipande kikaondoka safi. Nikapanda juu mpaka penye leso. Hapo maua yakavurugika, ua moja likawa kama uji uliomwagika. Nikarudisha, nikapaka kidogo zaidi, nikarudisha tena, mpaka ua likawa ua.

Nikamwonyesha mke wangu. Akatazama, akanirudishia simu.

"Na hicho ni nini?"

Kivuli. Mkongojo haupo, lakini kivuli chake kimelala mchangani, kirefu, kimeshikana na kivuli cha mwenyewe. Simu haikukiondoa kwa sababu sikukipaka. Nikakifuta nacho.

"Na mkono je?" nikamuuliza binti. "Umekunjwa, na haushiki kitu."

"Mkono uache. Ukiufuta itakuletea maajabu. Nani ataangalia mkono? Sasa hifadhi nakala, ile ya kwanza ibaki ilivyo."

Nikahifadhi. Nikaituma kwa mwanamke mwenye duka la picha hapa Garsen, akaichapa kubwa, nikaifunga kwenye gazeti na kupanda pikipiki kwenda Kulesa.

Kwetu mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, wala hamkodolei macho. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, nimegeuka upande. Picha akaichukua shemeji yangu, ndiye akampa mama. Kwa hiyo nayasimulia niliyosikia, kuona sikuona sana.

Nikasikia gazeti likifunguliwa. Nikasikia mama akisema, "Loo, mwanangu! Amenenepa." Shemeji akacheka kwa nguvu mno, naye alijua. "Si nilikwambia, mama? Yuko Malindi anakula raha!"

Nikageuza kichwa kidogo. Mama alikuwa ameisogeza picha karibu na jicho lake zima, lile jingine halioni. Fimbo yake ya mti ilikuwa mkononi, kama kawaida. Akautazama mkono wake, akaitazama picha, akautazama mkono wake tena.

"Muulize mkwe wangu," akamwambia shemeji, "hapa mwanangu ameshika nini?"

"Hakushika kitu, mama. Amekunja tu ngumi."

"Sikukuuliza wewe. Ngumi haikunjwi hivi. Na bega hili limelala upande mmoja. Muulize."

Shemeji akanitazama, macho yananiomba. Maneno yalikuwapo, mepesi tu: ameshika leso, ameshika mkoba ukakatwa na picha. Lakini mimi na yule mama tangu nioe tumesemezana kwa kupitia watu, na katika maneno machache hayo sijawahi kumpa hata moja bovu.

"Mwambie ameshika mkongojo," nikasema. "Alivunjika nyonga. Anatembea, anakula, hana hatari. Mkongojo niliufuta mimi."

Shemeji hakuhitaji kurudia. Mama akaiweka picha juu ya magoti, uso chini. Sikusikia kilio. Nilisikia tu fimbo ikigonga sakafu, kidogo kidogo, na shemeji akikimbilia dawa za presha na maji. Mama akazimeza. Baadaye akasema, "Jumapili mje mnichukue. Nikamwone mwenyewe, si karatasi."

Nilirudi Garsen. Mke wangu alikuwa mlangoni kabla pikipiki haijazima.

"Alifurahi?"

"Amejua. Anakuja Jumapili."

Hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akakaa kitandani, akajifunika uso kwa leso. Nikasimama pale kama mgeni. Kisha akaniuliza bila kujifunua:

"Alishtuka sana?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu."