Maneno Yaliyopigwa Pasi

Watu wa mtaa walimwita Fundi Herufi. Hata mkewe, siku akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuyapandisha maneno ya nyimbo kwenye video: mwimbaji akisema "njoo", neno "njoo" linaruka kwenye kioo kana kwamba limeitwa, akisema "nenda", linaondoka zake. Aliifanya kazi hiyo chumbani, kati ya kabati na kitanda, kwenye meza ambayo mguu wake wa nne ulikuwa tofali.

Wanamuziki walimjua, na waliomlipa walirudi. Mtu mmoja tu alikataa katakata kwamba hiyo ni kazi, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

"Mwanamume mzima anakaa kitako tangu asubuhi anatazama maneno," alimwambia binti yake, kwa mnong'ono uliosikika mpaka barabarani. "Kwani hajui kusoma?"

Mama huyo alikuwa mshonaji. Baada ya miaka thelathini alikuwa anaifunga karakana yake, na kwa sherehe ya kuwaaga washonaji wenzake alitunga wimbo wa kumsuta bwana mmoja wa zamani, akaurekodi studio kwa fedha zake:

*Nilikushonea koti, likakukaa mwilini,*
*ukaenda kwa jirani, kuuliza vifungo.*

Alitaka ukumbi mzima uimbe naye siku hiyo ya Jumamosi, na wageni wangeimbaje bila kuyajua maneno? Mke wa fundi akaona mlango umefunguka. "Mama, mpe mkweo akutengenezee video. Usipoipenda, sitakusumbua tena."

"Sawa," mama akasema. "Tutaona hiyo kazi ina mikono au haina."

Basi Fundi Herufi akajifungia. Programu yake ilisikiliza ngoma ya wimbo, ikachora mistari midogo iliyopangana sawasawa, mmoja kwa kila pigo. Naye akalichukua neno moja moja, akaliweka juu ya mstari wake, likadunda pale ngoma inapodunda. Ilikuwa kazi safi. Akaegemea kiti, akabonyeza aone.

Loo! Neno "koti" lilitokea, likasimama, likasubiri, ndipo sauti ya mama ikafika nyuma yake taratibu, kama mtu anayetafuta viatu. Neno "jirani", vilevile. Wimbo wote ulikwenda hivyo: maneno yametangulia, mama anayafuata. Mtu angedhani ameusahau wimbo wake mwenyewe na anausoma kwenye kioo.

"Amechelewa," fundi akamnong'oneza mkewe. "Kila neno amechelewa. Mwambie."

"Nimwambie mimi?"

"Si mama yako?"

"Ndiyo maana simwambii."

Naye fundi, atamkalisha mkwe kitako amwambie hajui kwenda na ngoma? Adabu ilimfunga mdomo. Akafanya jambo ambalo mkwe mwenye adabu tu angelifikiria: akaikatakata sauti ya mama vipande vipande, akavivuta kimoja kimoja mbele mpaka kila kimoja kikaangukia pigo lake. Siku mbili nzima. Alipomaliza, sauti, neno na ngoma vilikwenda pamoja kama askari.

Alhamisi mchana mama akaja kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, washa."

Akatazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akauliza kwa upole uliomtisha fundi, "Huyu mama anayeimba ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Huyu anakimbizwa na mbwa, mkwe. Mimi sijawahi kukimbia tangu nizae." Akasogea kwenye kioo kana kwamba anakagua mshono. "Nilikuletea gauni lina mikunjo. Wewe umelipiga pasi mpaka mikunjo yote imelala. Nani alikutuma?"

"Mama, nisamehe. Nilidhani... nilidhani umechelewa."

Nje, mkewe aliyekuwa akiosha vyombo akaacha kuosha.

"Nimechelewa!" mama akasema. "Nimeshona miaka thelathini, nikikunja kitambaa nakunja kwa makusudi! Ngoma inapita kwanza. Mimi navuta pumzi, ndipo nalitia neno, msikilizaji akiwa ameshalitamani. Basi. Jumamosi tutaimba bila kioo chako. Na wewe, mwanangu," akamgeukia binti yake mlangoni, "uliniahidi hutanisumbua."

Alikuwa ameshashika mkoba. Fundi akaona miaka yake yote kati ya kabati na kitanda inatoka mlangoni na mkoba ule.

"Mama, kaa kidogo. Naomba mkono wako."

"Wa nini?"

Fundi akairudisha sauti ya mwanzo, ile isiyokatwa. Akamkalisha kwenye kiti chake, akakiweka kidole cha mama juu ya kitufe kimoja. "Wimbo ukipita, kila unapoanza neno, bonyeza. Usifuate ngoma. Jifuate mwenyewe."

"Kama kukanyaga cherehani?"

"Hivyo hivyo."

Mama akavua viatu. Wimbo ukaanza, kidole kikabonyeza, na chini ya meza mguu nao ukakanyaga, ingawa hapakuwa na kitu cha kukanyaga isipokuwa tofali. Kila alipobonyeza, alama ndogo ilibaki kwenye mchoro wa sauti. Walipomaliza, fundi akamwomba arudie. Kisha akazilinganisha safu mbili za alama.

Zilifanana karibu alama kwa alama. Kule kuchelewa kwa mama kulikuwa na kipimo, na kipimo hicho hakikuwamo kwenye mistari ya programu.

"Mbona umekodoa macho? Nimeharibu?"

"Hapana, mama. Niliyeharibu ni mimi."

Ijumaa nzima alishona upya. Alizitanguliza alama zote kidogo, kwa kuwa kidole siku zote hukawia baada ya sikio. Kila neno alilianzisha chembe ya sekunde kabla ya sauti, ili mama anapolitamka liwe limeshatua na jicho limelisoma. Ngoma hakuinyima haki yake: nyuma ya maneno aliweka vifungo vya koti vilivyodunda kwa kila pigo. Maneno yenyewe yalimngoja mama. Na pale anapolivuta "vifungo", herufi ya mwisho ilirefuka, ikavuka kioo kizima.

Jumamosi alasiri, ukumbini, washonaji waliimba tangu mstari wa kwanza. Vifungo vilidunda, neno likakawia, ukumbi mzima ukavuta pumzi pamoja, kisha ukalidaka. Mama alikuwa mbele na kipaza sauti, akiimba juu ya sauti yake mwenyewe. Shangwe zikampanda kichwani. Alipofika kwenye "vifungo" vya mwisho akalivuta neno kupita rekodi, na bado anataka kulivuta, huku kwenye kioo herufi imeshafika ukingoni.

"Mkwe!" akaita kwenye kipaza sauti. "Mbona unaniacha? Simamisha!"

Fundi akabonyeza. Muziki ukakatika, herufi ikaganda. Mama akaendelea peke yake, mkono juu, mpaka akaridhika. Akamtikisia kichwa. Fundi akabonyeza tena, na ngoma ikamdakia palepale.

Ukumbi ukalipuka. Mama akangoja makofi yatulie, bado kipaza sauti ki mkononi.

"Yule pale nyuma ndiye fundi wangu. Fundi! Nina wimbo mwingine. Kazini unafungua saa ngapi?"

Watu mia wakageuka kumtazama.

"Saa tatu asubuhi, mama."

"Nitakuja na kiti changu. Hicho chako kimeniumiza mgongo."