Paja la Kushoto

Nilivunjika mguu kule Kanja, mchana kweupe, kwa sababu ya mbuzi. Kundi zima la kambi yetu ya wakimbiaji ya Embu tulikuwa tunateremka mbio kwenye barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, mbuzi akakatiza, nikamkwepa, nikaangukia mtaroni. Mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ukapasuka. Mbuzi akaendelea na majani yake kama hakuna kitu. Mpaka leo nikiona mbuzi amefungwa kamba, nafurahi kabisa.

Nikafungwa plasta, nikapewa magongo, nikarudishwa kambini. Wee! Hakuna mahali pabaya kwa mkimbiaji mgonjwa kama kambi. Alfajiri wenzangu walivaa viatu wakinong'ona, eti wasiniamshe, na mimi macho kodo chini ya blanketi. Nyayo zao zilipotea barabarani, nikabaki na mlio wa friji. Wakirudi walicheka mambo yaliyotokea huko njiani, mambo ambayo mimi sikuyajua. Nilicheka nao kwa adabu tu.

Hofu yangu ilikuwa moja: kunenepa. Kambini tunapimwa uzito kila Jumatatu, na kocha akikuona umeongezeka anakuangalia kama umemwibia. Basi nikajiambia, mtu asiyekimbia anakula ya nini? Kuna ujanja ambao wavulana wa huku wote wanaujua: ukitafuna muguka, yale majani yanayolimwa huko Mbeere, njaa inakimbia. Wageni waliokuja kunipa pole waliniletea, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nilitafuna asubuhi, nikatafuna mchana, na jioni sahani yangu ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Mizani ikateremka. Nikajiona mwanamume kweli.

Plasta ilipotolewa nilienda hospitali kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu mzima mwenye miwani na maneno machache. Nikamwambia kwa majivuno, "Daktari, sijanenepa hata kidogo. Nimepungua."

"Umepungua nini?" akauliza.

Akanilaza, akazungusha utepe kwenye paja la kulia, akaweka alama kwa kalamu. Akauhamishia paja la kushoto. Kidole chake kiliishia mbali sana kabla ya ile alama, mpaka nikadhani amekosea. Akaniambia nisimamie mguu wa kushoto peke yake, nishike meza. Goti likatetemeka, nikaketi kwa kishindo.

"Hicho ndicho ulichopunguza," alisema. "Mguu usiobebeshwa kazi unanyauka wenyewe. Na wewe juu ya hayo ukaunyima chakula. Mfupa unajengwa na nini, muguka?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hajawahi kupimwa na kocha. Lakini paja nililiona kwa macho yangu, limelegea kama soksi.

Akanieleza polepole. Ni kweli sihitaji tena ule mlima wa ugali wa mtu anayekimbia asubuhi na jioni, kwa hiyo nipunguze kiasi cha ngumi moja, basi, nisizidishe hapo, kwa sababu kupona nako kunakula, na kutembea kwa magongo si mchezo. Vyakula vya kujenga mwili visipunguzwe. Hivyo viongezeke: mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, nyama ikipatikana. Visirundikwe usiku, vigawanywe, kila mlo uwe na chake. Muguka niache. "Na usingoje njaa," akasema. "Njaa yako imelala. Kula kwa saa." Halafu akanionyesha jinsi ya kukaza paja nikiwa nimekaa, na kuinua mguu ulionyooka, kila siku, maana chakula bila kazi hakijui kiende wapi.

Kocha naye hakuzunguka. "Nenda nyumbani kwa mama yako. Kitanda nakushikia mpaka mvua iishe. Ukirudi huwezi kusimama na mguu huo peke yake, naleta mkimbiaji mwingine. Usinichukie."

Sikumchukia. Nilimchukia mbuzi.

Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake karibu na Kianjai, na ng'ombe mmoja na kuku wasio na adabu. Aliponiona na magongo alilia, akafuta machozi, akawasha moto. Jioni ile aliniwekea mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, unaofika kidevuni. Nilipopunguza ngumi moja, alishika kiuno.

"Kwani mgonjwa anapunguziwa chakula? Nani amesema hivyo?"

"Daktari. Ila amesema mayai uongeze, mama."

"Aa, huyo basi ana akili."

Saa yetu ilikuwa redio. Taarifa ya habari ikianza, nakula. Uji kwa maziwa na mayai, githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, glasi ya maziwa mchana, ndengu jioni. Lakini mdomo ulikataa. Siku za kwanza nilitafuna yai moja kama natafuna kitambaa. Si ugonjwa. Kambini tulikula tukigombania sufuria moja, na hapa nilikuwa nimekaa mezani peke yangu, mama amesimama mlangoni ananiangalia, mkononi kikombe cha chai.

Siku moja ndipo nikaona: kila jioni ni kikombe hicho hicho. "Mama, wewe unakula saa ngapi?"

"Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Chai. Nani atapika sufuria nzima kwa mtu mmoja? Mayai yenyewe nauza, hayanipendi."

Nikamwangalia vizuri. Kitambaa cha kiunoni alikuwa amekizungusha mara mbili. Mikono iliyonibeba utotoni ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na mimi nilikuwa nimekaa hapo siku zote nikipima paja langu. Nilisikia uchungu.

"Haki ya Mungu sili kama huli," nikamwambia.

"Acha ujinga."

Nikasukuma sahani. Redio ikasoma habari yote, ikafika michezo, ndengu zikapoa. Mwishowe alivuta kiti huku akisonya, akachukua kijiko. Tukala. Jamani, nilisikia njaa! Njaa ya kweli, ile ya baada ya mbio ndefu. Nikaomba nyongeza, naye akacheka, akasema daktari asijue.

Tukaendelea hivyo, viti viwili. Mimi nilikaza paja chini ya meza, naye alinisimulia habari za kanisani na za majirani ambao nilidhani walishakufa. Yai lake alilila akilalamika. Nilipoanza kutembea bila magongo, halafu kupanda kilima, ugali ulirudi kidogo kidogo, ngumi ile ikarudi mahali pake. Mvua ikapungua. Kitambaa cha mama kikazunguka mara moja tu.

Nilirudi hospitali, yule mama akapima tena mapaja yote mawili, kidole kikaishia karibu na alama. Nikasimama na mguu wa kushoto, sikushika meza. "Sasa umeongezeka," alisema, na nilitamani kumkumbatia.

Kitanda changu nilikikuta. Jioni ya kwanza kambini tuligombania sufuria, makelele hadi dari, nikala mpaka kocha akaniangalia. Halafu nikasikia taarifa ya habari ikianza kwenye redio ya mpishi. Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba kabisa."

"Umekula nini?"

Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari ile ile. Nilitega sikio nisikie kijiko kikigonga sahani. Nilisikia tu akinywa, polepole, kitu cha moto kikombeni.