Rufaa ya Siku Saba za Kitandani

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ndogo ya daktari mmoja pale Mutsamudu, miaka ile ya mamluki, na kila asubuhi niliandika kwenye karatasi za wagonjwa maneno yaleyale: hali njema. Niliyaandika hata mgonjwa akiwa hajui jina lake.

Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikarudi visiwani msichana mkubwa, lakini katika jambo hili hapakuwa na ugeni wowote. Unguja mtu aliyevunjika mguu anaulizwa hujambo, anajibu sijambo. Mutsamudu anaulizwa "Jeje?", anajibu "Njema." Mgonjwa hasemwi vibaya, hasa mbele yake. Na karatasi ile ilining'inia miguuni pa kitanda, mahali ambapo kila mjomba aliyewahi kukaa darasa la Kifaransa aliinyanyua na kuwasomea jamaa kwa sauti. Kwa hiyo karatasi ya kitandani tuliiandika kwa ajili ya wageni. Homa, dripu, mkojo na mapigo ya moyo tuliviandika kwenye karatasi nyingine, iliyokaa droo ya meza ya zamu. Mimi na daktari tulijua kusoma zote mbili, wala haikutupitikia kwamba kuna siku mtu wa mbali ataona moja tu.

Mgonjwa wa kisa hiki alikuwa mke wa karani wa kampuni ya forodha bandarini, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mimba ya miezi saba. Aliletwa amebebwa, anawaka moto, anatapika kila kidonge alichopewa, akimwita mama mkwe wake kwa jina la dada yake. Tuliona vimelea vya malaria tele kwenye damu yake. Alikaa siku saba, akatoka kwa miguu yake. Kampuni ya mumewe ilikuwa imewakatia wafanyakazi bima ya matibabu, na mimi ndiye niliyefunga bahasha ya madai. Nilitia fomu, hati ya malipo na karatasi ya kitandani. Droo sikuifungua.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, kutoka kwa ofisi ya bima ya Moroni. Daktari mshauri wao, aliyekuwa ng'ambo na hajawahi kumwona mgonjwa, alisema kumbukumbu za wauguzi zinaonyesha hali nzuri tangu siku ya kwanza. Malaria ya kawaida, ingetibiwa kwa vidonge nyumbani. Kulazwa hakukuwa na sababu ya kitabibu. Madai yamekataliwa. Mwanachama anaweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Barua yenyewe ilikuwa imeshamaliza siku kumi na tisa njiani.

Mume alikuja nayo kliniki uso umemshuka. Nilidhani ni habari ya malipo.

"Malipo nitakatwa mshahara kidogokidogo, basi," alisema. "Shida ni mke wangu. Kasikia kwamba bima wamesema hakuwa anaumwa. Anaona wamemwita mwongo. Kaapa kuzaa nyumbani, hospitali harudi."

Hapo niliyasahau malipo, nikamfikiria yule mama. Damu yake ilikuwa bado hafifu. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba huyu azalie kitandani petu, palipo na dripu na mtu wa kumtolea damu, kwa sababu akivuja nyumbani hakuna wa kumwahi. Zilikuwa zimebaki wiki tano au sita. Nilimwendea nyumbani jioni ileile. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniuliza habari za watu wote. Nilipotaja kliniki, aligeukia ukuta.

"Bweni, mimi siumwi," alisema, akiniita bibi kwa heshima ya kwao. "Si ndivyo ulivyoandika?"

Nilirudi na hasira, na kwa kuwa hasira ya kujikasirikia haina pa kwenda, niliipeleka kwa karatasi. Asubuhi nilimwambia daktari kwamba nitaiandika upya ile karatasi ya kitandani, siku kwa siku, kwa ukweli wote. Nani angejua? Kalamu ni ileile, mwandiko ni uleule.

Daktari alikuwa mtu mkavu wa maneno, mzaliwa wa Mutsamudu hapohapo, na sijawahi kumwona akinyanyua sauti. Siku ile pia hakunyanyua.

"Nakala wanayo, bibie. Ukibadilisha herufi moja, sisi ndio tutakuwa waongo, na yule mama naye pamoja nasi. Karatasi inabaki kama ilivyo. Utaandika maelezo mapya, ya tarehe ya leo, kwa sahihi yako, useme kwa nini iliandikwa hivyo."

"Niandike kwamba nilikuwa nawaandikia wajomba?"

"Hivyo hivyo."

Niliandika. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya mtihani wa uuguzi. Nilieleza desturi yetu, nikaeleza kwamba vipimo vilikuwa kwenye droo tangu mwanzo, vimeandikwa saa kwa saa na watu wawili wa zamu, na kwamba kuviacha nje ya bahasha lilikuwa kosa langu, si la mgonjwa.

Barua ya rufaa yenyewe ilikuwa ya mume, kwa kuwa yeye ndiye mwanachama. Ilitaja namba ya hati ya bima, namba ya madai, tarehe ya barua ya kukataliwa na sababu waliyoitoa, kwa maneno yao wenyewe. Ilitaja kifungu cha mkataba kinacholipa kulazwa kunakohitajika kitabibu. Iliomba shauri lisomwe na daktari mwingine, si yule wa kwanza. Mke alitia alama ya kidole kuruhusu habari zake zionyeshwe. Mumewe alimwomba jioni tatu ndipo akakubali, na alikubali bila kumtazama.

Uthibitisho wa kitabibu aliuandika daktari. Aliyeupiga taipu ni mimi, kwa hiyo naukumbuka. Mimba ya miezi saba. Homa digrii arobaini nukta mbili. Amechanganyikiwa, hawezi kukaa bila kushikwa. Ametapika vidonge mara tatu mbele ya wauguzi, kwa hiyo dawa ya mdomo haikuwezekana. Kwinini kwa dripu ya glukosi, kila baada ya saa nane, siku tatu. Usiku wa pili sukari ya damu ilishuka, jambo linalojulikana kwa mjamzito anayepewa kwinini, ikarekebishwa papo hapo kwa sindano ya glukosi mshipani. Nyumbani angepoteza fahamu na hakuna ambaye angejua sababu. Siku ya tatu aliongezwa chupa ya damu. Siku ya nne alianza kumeza vidonge bila kutapika. Siku ya tano na ya sita aliangaliwa damu na mapigo ya moyo wa mtoto, na kipimo cha siku ya sita hakikuonyesha vimelea. Kila sentensi ilielekeza kwenye karatasi fulani ya droo, kwa namba.

Kisha akaongeza mstari ulionifanya niache kupiga taipu.

"Daktari, huu mstari unatumaliza."

"Upige."

Mstari ulisema: siku ya saba haikuwa na sababu ya kitabibu, mgonjwa alikuwa tayari kutoka, akabaki kwa sababu shangazi zake walitaka kuja kumchukua wote pamoja baada ya sala ya Ijumaa, siku hiyo hatuidai. Ilikuwa kweli. Walikuja kumi na mmoja, wamejifunga shiromani, zile nguo zao nyekundu za kujitanda, na mimi ndiye niliyewaambia hakuna neno, abaki mpaka kesho.

Zilibaki siku nne. Posta isingefika Moroni kwa wakati, ilibidi mtu aipeleke bahasha kwa ndege. Mume alikuwa na meli bandarini inashusha mizigo, hawezi kutoka, nami nilikuwa na mama mdogo Ntsoudjini, karibu na Moroni, wa kunilaza. Nikaomba niende mimi, maana sikuona mtu mwingine anayestahili kusumbuka.

Kwenye uwanja wa ndege wa Ouani palikuwa na ukaguzi. Askari wa sare nyeusi walifungua mabegi, na nyuma yao alisimama Mzungu mmoja wa wale mamluki waliokuwa na nchi mkononi bila kuchaguliwa na mtu. Aliitaka bahasha. Barua nene iendayo Moroni, miaka ile, ilitosha kumlaza mtu ndani. Aliichomoa chati ya homa, akaifuata ile mistari inayopanda na kushuka, akaniuliza kwa Kifaransa, "Huyu alipona?"

"Alipona," nilisema.

Alinirudishia karatasi zote zikiwa zimechanganyika. Nilizipanga upya angani, nikimlaani kimoyomoyo kwa kila karatasi.

Ofisi ya bima Moroni ilikuwa na chumba kimoja na feni. Wakala alikuwa mwanamume wa makamo, Mngazija, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tuliamkiana kirefu inavyopasa, akaniuliza safari, nikajibu njema, akacheka kidogo nilipokaa kwa kujitupa. Alisoma maelezo yangu kwanza. Alisoma polepole, na nilitamani sakafu inimeze.

"Mama yangu alilazwa mwaka jana," alisema mwishowe. "Karatasi yake pia ilisema hali njema. Tulimzika siku ya pili yake."

Nilimwombea marehemu. Aliendelea na ya daktari, akafika kwenye mstari wa siku ya saba, akauwekea kidole.

"Huu umeandikwa na nani?"

"Daktari. Mimi sikutaka."

"Mimi hapa siamui," alisema. "Naandika maoni, na anayeamua ni daktari wa pili kule. Lakini mtu anayerudisha siku moja kwa hiari yake, nitawaambia wamwamini zile sita." Akagonga muhuri wa kupokelewa, wa tarehe ile, kwenye nakala yangu. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa, nikapumua mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Siku sita zimekubaliwa. Kulazwa kulikuwa kwa lazima, waliandika, kwa hatari iliyokuwa juu ya mama na mtoto. Mume alilisoma mlangoni pa kliniki kwa sauti, kama wale wajomba, kisha akalichukua mbio nyumbani. Aliniambia baadaye kwamba mkewe alimtaka asome mara tatu sehemu ile ya hatari, na mara ya tatu alilia, akasema, "Kumbe walijua."

Siku tisa baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, aliingia kliniki kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani kwa mama mkwe wake. Nilipowaona nilipata furaha ya kipumbavu, nikauliza kama tulivyozoea kuulizana: "Jeje?"

"Njema," alijibu mama mkwe.

"Si njema," alisema yeye, akashika ukingo wa meza yangu. "Kiuno kinakatika, na damu imeanza kutoka. Naogopa."

Nilimwita daktari kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Dripu ilikuwa mkononi mwake kabla mama mkwe hajamaliza kushangaa, na kaka wa mgonjwa alitoa damu alasiri ile. Mtoto alilia kabla ya magharibi, na mama yake alikuwa macho kumsikia.