Bi Mvuke Akataa Kuandika Hasi

Jina la Bi Mvuke hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake katika kiwanda cha kugandisha mboga, kwa sababu ukitaka kumpata ilibidi uupasue mvuke wa tangi la maji ya moto kwa mikono miwili. Nyuma ya mvuke ulimkuta yeye: mwanamke mfupi, mnene wa mabega, kofia ya plastiki imeteremka hadi kwenye nyusi, saa ya mkononi imefungwa nje ya glovu. Alikaa hapo miaka kumi na tisa, na miaka sita ya mwisho ndiye aliyeiongoza laini nzima, ingawa karatasi zilimwandika kibarua mwandamizi. Halafu ukaja uongozi mpya na sheria mpya: asiye na cheti cha usindikaji wa vyakula haongozi laini. Apate cheti kabla ya mwaka kwisha, la sivyo arudi meza ya kukata ncha za maharage, pale walipoanzia wasichana wa juzi.

Wengine wangelia. Bi Mvuke alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kazi. Alijiandikisha chuo cha ufundi, akasoma miezi saba jioni na wanafunzi wa umri wa bintiye, akapasi karatasi ya nadharia. Binti ndiye aliyemsikiliza masomo huku akipasi nguo.

"Kwa nini mboga zichovywe kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa?" binti aliuliza, kitabu kikiwa kimeegemea chupa ya maji.

"Kwa sababu mboga ikikatwa shambani haifi, mwanangu. Ndani yake kuna vimeng'enya vinaendelea na shughuli zao, vinakula rangi, vinakula ladha. Ukiitia kwenye friza hivyo hivyo, vinapunguza mwendo tu. Baridi haiviui. Kinachoviua ni moto."

"Na kwa nini mnapima peroksidesi, wakati vimeng'enya viko vingi?"

"Kwa sababu huyo ndiye mbishi wao. Moto unawamaliza wenzake, yeye bado anakutolea macho. Ukiona huyo amekufa, jua wengine walishazikwa."

"Kitabuni hawajaandika hivyo, mama."

"Basi kitabu kimekosa."

Siku ya mtihani wa vitendo, watahiniwa kumi na wawili waliingia katika jiko la chuo. Kila mmoja alikuta nusu kilo ya maharage machanga, sufuria yenye maji lita mbili, beseni la barafu, mfuko wa kufungia na tyubu za kioo. Katikati ya chumba, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, zilisimama chupa mbili za dawa za kupimia: guaiakoli na peroksaidi. Mtahini, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye mikunjo ya kiwiko, aliwaeleza utaratibu. Filimbi ya kwanza, maharage majini. Dakika mbili. Filimbi ya pili, maharage kwenye barafu.

Bi Mvuke akanyoosha mkono. "Mwalimu, maji lita mbili ni machache kwa nusu kilo. Maharage yakiingia yatayapoza. Tuhesabu dakika baada ya maji kuchemka tena."

"Mama, tunafuata karatasi. Filimbi ni moja kwa wote."

Filimbi ikalia. Maharage yakaingia, na maji yaliyokuwa yakirukaruka yakanyamaza kimya. Yalikuwa hayajaanza hata kutoa povu la pembeni filimbi ya pili ilipolia. Bi Mvuke aliyaopoa maharage yake huku roho inamuuma, akayatumbukiza kwenye barafu, maana sheria ilisema hivyo na yeye si mtu wa kuvunja sheria kwa kujifurahisha.

Ikafika zamu ya kupima. Kazi yenyewe si ngumu. Unaponda maharage machache, unayatia kwenye tyubu yenye maji, unadondosha guaiakoli, unadondosha peroksaidi, unatazama saa. Rangi ya hudhurungi ikijitokeza ndani ya dakika tatu na nusu, kimeng'enya bado kiko hai, na unaandika chanya. Pasipotokea rangi, unaandika hasi na mboga zinafaa kugandishwa. Watahiniwa kumi na mmoja walidondosha, wakasubiri, wakaona maji meupe, wakaandika hasi. Mtahini akapita katikati ya meza akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Bi Mvuke hakuanza na maharage yaliyochovywa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye yale machache aliyoyabakiza mabichi. Kiwandani ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi: kabla ya kuiuliza chupa habari za mboga zilizopita motoni, iulize kwanza habari za mboga mbichi, ujue kama chupa yenyewe ina akili timamu. Peroksaidi ikiachwa wazi au ikikaa juani inaisha nguvu, inabaki maji tu, na maji hayasemi lolote. Aliponda maharage mabichi, akadondosha dawa zote mbili, akatazama saa.

Dakika tatu na nusu. Hakuna rangi.

Akarudia. Hakuna rangi. Akanyoosha mkono tena, na mtahiniwa wa meza ya jirani akaguna, maana wote walikuwa wanataka kwenda nyumbani.

"Mwalimu, chupa yako ya peroksaidi imekufa."

"Umeonaje?"

"Nimepima maharage mabichi. Hayakugusa moto kabisa. Chupa inasema yamekwisha iva."

Watu wawili wakacheka. Mtahini hakucheka. Alitazama chupa, akatazama saa ya ukutani, akatazama karatasi yake yenye majibu. "Mama, hukuambiwa upime mabichi. Andika ulichokiona kwenye yaliyochovywa."

"Nilichokiona hakina maana. Fungua chupa nyingine."

"Stoo imefungwa. Andika hasi, tumalize."

"Siandiki."

"Wenzako wote wameandika."

"Wenzangu wote wamepima kwa maji ya bomba."

Mtahini aliinama hadi sauti yake ikasikika na wao wawili tu. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na aibu, na aibu ikikosa pa kwenda hugeuka ukali. "Mama, sehemu hii ukiikosa umekosa mtihani mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, mwalimu," alisema Bi Mvuke, akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya matokeo akaandika: *Jaribio halifai. Peroksaidi haina nguvu. Maharage mabichi nayo hayakutoa rangi. Siwezi kusema kama mboga hizi zinafaa kugandishwa.* Akapiga mstari chini ya neno *siwezi* mara mbili, karatasi ikachanika kidogo. Mifuko kumi na miwili ikaandikwa namba za watahiniwa, ikaingizwa kwenye friza ya chuo kusubiri matokeo yathibitishwe, kama ilivyo desturi ya chuo.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Kumi na mmoja wamefaulu. Bi Mvuke amefeli.

Binti aliisoma mara mbili, kisha akaiweka mezani taratibu. "Mama, neno moja tu. Hasi. Herufi nne. Ungeliandika, ukabaki na laini yako."

"Na kesho yake nikiwa kwenye laini yangu, nikamwandikie nani tena? Kiwandani hilo neno linafungua mlango, mwanangu. Nikiliandika, tani nne za mboga zinapita kwenda kwa watu." Akaikunja barua. "Niletee karatasi. Nakata rufaa."

Rufaa ilichukua wiki nyingine sita kusikilizwa. Siku hiyo walikuwa wanne jikoni: mkuu wa chuo, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa kamba; katibu wake; mtahini; na Bi Mvuke, amevaa gauni la kwendea kwenye mambo makubwa, mkononi mfuko wa maharage machanga yaliyochumwa alfajiri ile. Mtahini alikuwa ameileta chupa ya siku ile.

"Tuipime basi, tumalize ubishi," alisema mkuu.

"Hata ikionekana imekufa leo," mtahini aliwahi, "miezi mitatu imepita. Haithibitishi kwamba siku ile ilikuwa imekufa."

"Kweli kabisa," alisema Bi Mvuke, na mtahini akashangaa. "Chupa iacheni. Maharage ndiyo yatakayosema. Fungueni peroksaidi mpya, yenye muhuri, na mfungue friza. Baridi haiui kimeng'enya. Kama siku ile kilikuwa hai, leo kiko hai."

Katibu akaleta chupa mpya. Bi Mvuke akaanza na salamu: maharage mabichi, guaiakoli, peroksaidi. Hazikupita sekunde ishirini, tyubu ikawa ya hudhurungi kama chai ya rangi. Chupa iko sawa. Akachukua mengine, akayachemsha dakika kumi hadi yakalegea, akapima: meupe. Chupa haisingizii. Hapo ndipo akamgeukia mkuu. "Chagua mfuko wowote, mama mkuu."

Mkuu alichagua namba tatu. Maharage yalipoyeyuka, harufu ya majani makavu ikatoka kabla hata hayajapondwa, na katibu akarudi nyuma hatua moja. Tyubu ikageuka hudhurungi. Namba nane, hudhurungi. Namba kumi na moja, hudhurungi. Mtahini alikuwa ameweka mikono nyuma.

"Na wako ni upi?" aliuliza mkuu.

"Namba saba." Bi Mvuke aliufungua mwenyewe, akapima mwenyewe, akaiinua tyubu juu dirishani wote waione. Hudhurungi.

Mtahini akainua kichwa kidogo. "Kwa hiyo hata yako hayakuiva. Sehemu ya kupima tukikupa, ya kuchovya umeikosa. Na ukikosa sehemu moja—"

"Nimekosa vyote. Najua sheria."

Mkuu alivua miwani. "Filimbi haikuwa kosa lako. Karatasi za wale kumi na mmoja nitazishughulikia. Wewe nitakuachia alama za kuchovya, nitasaini leo hii. Nenda na cheti chako."

Cheti kilikuwa hapo, umbali wa kalamu moja. Bi Mvuke alikitaka kuliko alivyowahi kukitaka kitu tangu azae. Aliona meza ya kukata ncha, aliona kiti chake nyuma ya mvuke kimekaliwa na mtu mwingine.

"Sitaki alama za kuachiwa," alisema. "Maharage yangu yalikuwa mabichi, hilo limeonekana. Niachie jiko."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na sufuria kubwa. Na mwalimu aweke filimbi mfukoni."

Alifunga aproni ya chuo juu ya gauni la mambo makubwa. Akapima maji, lita nne. Akasubiri yachemke kwa nguvu, akatumbukiza maharage, akasubiri yachemke tena, na hapo tu ndipo akaitazama saa. Mvuke ulipanda ukamfunika uso, na kwa dakika tatu walimwona mabega tu. Akaopoa, akatia kwenye barafu hadi yakapoa kabisa, akaponda, akayatia kwenye tyubu. Tone la guaiakoli. Tone la peroksaidi. Akamkabidhi mtahini saa yake ya mkononi.

"Hesabu wewe," alisema.

Mtahini alihesabu. Dakika ya kwanza mkuu aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Dakika ya pili katibu alisahau kuandika. Dakika ya tatu Bi Mvuke mwenyewe alifumba macho, halafu akajilazimisha kuyafumbua atazame. Nusu dakika ya mwisho ilipita. Mtahini aliitazama tyubu, akaitazama saa, akaitazama tyubu tena.

Maji yalikuwa meupe.

"Andika, mwalimu," alisema Bi Mvuke.